Themanini ya Mfaransa

Mfaransa huhesabu vizuri tu mpaka sitini. Akifika hapo, sijui huchoka au huanza kubana matumizi, maana hatoi tena neno jipya. Sabini kwake ni sitini na kumi: swasant-dis, kama sikio la Mswahili linavyolisikia. Themanini ni ishirini nne, katr-ven. Tisini ni ishirini nne na kumi, katr-ven-dis.

Shemeji yangu amehamia Lyon juzijuzi, na bomba la jikoni likampasukia usiku. Jirani akamtajia namba ya fundi. Kule namba ya simu ina tarakimu kumi na husomwa mbilimbili, jozi tano. Tuseme ilikuwa 06 39 98 76 91. Jozi mbili za mwanzo zilipita salama. Ya tatu ilipoanza, shemeji akasikia katr-ven, akawahi kuandika 80. Ikafuata kumi na nane, akaandika 18. Iliyofuata ikaanza na sitini, akaandika 60, kisha 16. Ya mwisho ikamwachia 80 na 11. Karatasini ikasomeka 06 39 80 18 60 16 80 11, na maji yameshafika kwenye zulia.

Akanipigia. “Shemeji, huyu fundi yuko nchi gani?”

Nikamwambia ahesabu tarakimu. Zikizidi kumi, kuna jozi imepasuliwa. Atafute 60 au 80 iliyofuatwa na namba ya kati ya 10 na 19, azijumlishe: 80 na 18 ni 98, 60 na 16 ni 76, 80 na 11 ni 91. Fundi akapatikana. Zulia halikupona.

Sokoni mambo hugeuka. Muuzaji mwenye haraka halitaji neno euro, kwa hiyo “katr-ven” ya kilo ya nyanya ni euro 4 na senti 20, ingawa sikioni ni themanini kamili. Hapo kinachokuokoa ni kujua bei ya nyanya.

Msidhani huku kuhesabu kwa ishirini ni utani wa juzi. Paris kuna hospitali ya macho iliyoanzishwa karne ya 13 kwa ajili ya vipofu 300, na mpaka leo inaitwa Ishirini Kumi na Tano.

Rafiki yangu wa Lubumbashi hutucheka. Kwao, kama kwa Wabelgiji waliowaletea lugha hiyo, sabini ni septant na tisini ni nonant, basi. Lakini nikimuuliza themanini, naye hutazama pembeni: katr-ven. Wanaosema witant ni baadhi ya Waswisi, kama wale wa Lausanne, na hata Geneva iliyo jirani hawajawafuata.

Kwa hiyo ukitajiwa namba ya simu na Mfaransa, mwombe aiseme shifr par shifr, tarakimu mojamoja. Akianza tena na katr-ven, mpe kalamu aandike mwenyewe.