Namna ya Kugombana na Ratiba ya Mitihani Ukashinda

Kabla hujakunja ngumi, jua unagombana na nini. Masomo mawili saa moja ni mgongano. Masomo mawili siku moja, moja asubuhi na jingine mchana, ni mbanano. Mgongano lazima utatuliwe, kwa sababu hakuna mtu mwenye miili miwili. Mbanano unauma, lakini kwa kawaida hubaki. Nimekaa miaka kadhaa upande wa wanaopanga ratiba katika chuo kimoja hapa Morogoro, chini ya Uluguru, na barua nyingi nilizoziona zikikataliwa zililalamikia mbanano kwa jina la mgongano.

Mbanano unatoka kwenye hesabu. Chukua wiki mbili za mitihani, siku tano kila wiki, vipindi viwili kwa siku. Hivyo ni vipindi 20. Chuo chenye masomo 120 kitaweka masomo sita kila kipindi kwa wastani. Tena somo la mwaka wa kwanza lenye watu 400 linameza ukumbi wote peke yake, na wenye kulisahihisha huomba liwe mwanzoni wapate muda. Kwa hiyo masomo madogo hurundikwa kwenye vipindi vinavyobaki.

Kinachoamua yapi yarundikwe pamoja ni majina ya watahiniwa. Mpangaji huandika masomo yote kama vituo, kisha huchora mstari kati ya masomo mawili yenye hata mwanafunzi mmoja wa pamoja. Vituo vilivyounganishwa haviwezi kukaa kipindi kimoja. Visivyo na mstari vinaweza. Kidato cha sita kinaonyesha hilo vizuri. Katika tahasusi zilizozoeleka, kama PCM, PCB, HGL na HKL, hakuna anayesoma Fizikia pamoja na Historia, kwa hiyo masomo hayo yanaweza kufanywa saa ileile bila kumuumiza mtu. Jiografia ni ngumu zaidi: iko HGL, iko CBG, iko EGM, iko PGM. Ina mistari kila upande, nayo huhitaji nafasi yake yenyewe.

Chuoni mistari huongezwa na wale waliokeri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayerudia takwimu za mwaka wa kwanza anaunganisha masomo mawili ambayo mpangaji aliyaona hayajuani. Akichelewa kusajili somo hilo, mstari wake haumo kwenye orodha, na mgongano hauonekani mpaka rasimu ibandikwe. Ndiyo maana rasimu hubandikwa mapema. Isome siku hiyohiyo, uweke kidole kwenye kila somo lako.

Tuseme umeukuta. Sayansi ya udongo, watu 60, Jumanne saa 2 asubuhi. Takwimu, watu 400, saa ileile. Mpe mratibu wa mitihani wa idara yako barua fupi yenye namba ya usajili, masomo yote mawili, tarehe, saa, na ushahidi kwamba umesajiliwa kote. Kiongozi wa darasa akusaidie kukusanya majina ya wenzako wenye shida hiyohiyo, maana watu tisa kwenye karatasi moja hushughulikiwa mara moja. Usijaze barua huruma. Mratibu anaweza kukuhurumia sana, lakini bila namba za masomo hajui ahamishe nini.

Yeye atahamisha lililo jepesi. Takwimu zina watu 400 na ukumbi mkubwa, haziendi popote. Udongo unaweza kwenda Jumatano saa 8 mchana, ila kwanza anapitisha majina yote 60 kwenye kipindi hicho. Akikuta hata mmoja ana mtihani mwingine, amekutoa wewe kwenye tope akamtia mwenzako. Basi anajaribu Alhamisi. Ndiyo maana kupendekeza siku mbili tatu kunasaidia kuliko kushikilia moja.

Ikiwa hakuna pa kuhamia, zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kufanya mitihani yote siku hiyo, mmoja baada ya mwingine, huku msimamizi akikaa nawe katikati, bila simu wala kukutana na waliokwisha kutoka. Beba maji na chakula. Ni siku ndefu. Ya pili ni kuahirisha mmoja ukaufanye kipindi cha sapu kama mtihani wa mara ya kwanza. Hapo usiridhike na ahadi ya mdomo. Omba kibali cha maandishi kinachosema umeahirishiwa, kwa sababu bila karatasi hiyo jina lako litasomeka kwamba hukutokea, na mtihani wako utahesabiwa umefeli.

Mabadiliko yakitoka, soma upya ratiba nzima, hata masomo ambayo hukuyalalamikia. Kuhamisha moja mara nyingi husukuma jingine. Kisha ifute ile rasimu ya zamani kwenye kundi la darasa la Watsapu, kabla mtu hajaamka Jumanne alfajiri akaenda kufanya udongo peke yake.