Wati Mia Mbili za Kwenye Sinia

Ukweni kwangu wataalamu wa sola wamejaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga balbu. Mama mkwe yuko kijijini Singida, anataka taa nne na mahali pa kuchaji simu mbili. Basi. Lakini kwenye kundi la familia likazuka swali moja tu: paneli ya wati ngapi? Huyu mia, yule mia tatu. Shemeji wa Dar akasema tuanze na televisheni, taa zitafuata.

Hakuna aliyeuliza taa zinawaka kwa muda gani. Nilimpigia mama mwenyewe. "Mkwe, za ndani nazima saa sita nikilala," akasema, "ila ya nje ikeshe, fisi wanapita." Haya, hesabu hiyo hapo. Balbu tatu za wati 5, kwa saa tano, zinakula wati-saa 75. Ya nje, ikiwa nayo ya wati 5, kwa saa kumi na mbili inakula 60 peke yake. Tukaiweka ya wati 2, fisi hasomi gazeti, ikashuka hadi 24. Simu mbili tuzipe 30. Jumla karibu 130 kwa siku.

Sasa paneli. Jua la Singida linaonekana kutwa, lakini la asubuhi na jioni linapiga kwa ubavu, kwa hiyo fundi mwenye akili huhesabu kama saa nne tu za jua kamili. Paneli ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Ondoa theluthi inayopotelea kwenye joto, vumbi, waya na betri, inabaki 160. Inatosha, na kuna akiba ya kufidia siku ya mawingu. Mia tatu za nini?

Tena hizo mia tatu uzipate kweli! Kuna duka niliuziwa maneno mchana kweupe: paneli ndogo kama sinia la pilau, nyuma imebandikwa "200W". Jua la adhuhuri humwaga takribani wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Kile kisinia kilikuwa na sentimita 40 kwa 50, yaani moja ya tano ya mita ya mraba. Kikijitahidi sana ni wati 40. Nilitoa futi kamba, muuzaji akanitazama kama nimetoa panga.

Ugomvi mkubwa ulikuwa betri, maana hapo ndipo hela inapokwenda. Shemeji ana betri ya gari iliyotumika, anataka kuitoa "sadaka". Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe papo hapo. Ukiikamua usiku kucha, miezi michache tu imechoka. Hata ile ya asidi ya sola haipendi kushuka chini ya nusu. Mama anahitaji akiba ya siku mbili, yaani wati-saa 260; kwa asidi unanunua mara mbili yake, 520. Gawanya kwa volti 12, unatafuta ya ampea-saa 50. Ya lithiamu inakubali kushuka sana, ya 30 inamtosha.

"Lithiamu ghali!" kundi zima likalia. Tuseme ya asidi ni shilingi 200,000 na ikadumu miaka miwili, ya lithiamu 450,000 ikadumu minane. Ya kwanza inakula 100,000 kila mwaka, ya pili 56,000 na kidogo. Ila lazima kontrola iwe na mpangilio wa lithiamu, la sivyo mmenunua ugomvi mwingine.

Na kabla hamjaanza kupiga simu kwamba "sola ya mama imekufa, ongezeni paneli", tazameni kontrola kwanza. Ikionyesha betri imejaa saa nne asubuhi, na usiku saa mbili giza, betri ndiyo imechoka. Hata mkiezeka nyumba kwa paneli hamtapata kitu. Lakini kama jua limewaka kutwa na alasiri betri bado haijajaa, futeni vumbi, na muutazame ule mwembe ulio karibu na paa la mama. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kuondoa nusu ya umeme au zaidi.

Televisheni ya shemeji, wati 40 kwa saa nne, ni wati-saa 160, zaidi ya nyumba nzima ya mama. Anayeitaka aje na paneli yake na betri yake.