Hotuba ya Nusu Ukurasa

Katika ukoo wetu, mtu akishajulikana kwamba anaandika gazetini, amekwisha. Hakuna harusi, kipaimara wala sherehe ya kumuaga binti itakayopita bila kuletewa hotuba aitengeneze. Mpambaji analipwa, fundi wa keki analipwa, hata kijana anayemshikia mpiga video taa analipwa. Mwandishi hupewa sahani ya pilau, tena ya mwisho, ile yenye viazi vitupu.

Hilo nimelizoea. Ugomvi wangu ni na kumbi.

Kumbi za siku hizi zimejengwa kwa ajili ya picha. Chini vigae vinavyong'aa, ubavuni vioo kutoka sakafuni hadi juu, darini jipsamu iliyonyooshwa, na mapazia yamefungwa pembeni ili vioo vionekane. Humo ndani hakuna kitu kinachomeza sauti. Neno likitoka kwenye spika linagonga kioo, linashuka kwenye vigae, linapanda darini, na huko linalikuta neno la pili limeshafika. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo katika ukumbi wa mita 34, neno huenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi mbele kwa muda wa moja ya tano ya sekunde. Mwangwi unaowahi sana, sikio huuchanganya na neno lenyewe, na hata huliongezea nguvu. Huu unaochelewa hauna msaada: unaiangukia silabi inayofuata na kuikalia.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijaandika hata salamu, nakwenda ukumbini mchana, nasimama katikati, napiga kofi moja kubwa na kutazama saa. Walinzi wananiona kama mganga. Chumbani kwako kofi hufa papo hapo. Ukumbi aliouchagua shemeji yangu kwa harusi ya mwanawe ulilishika kofi langu kwa kama sekunde 3 hivi. Watu wakijaa hali huwa afadhali, maana miili na nguo humeza sauti, lakini nani asiyejua kwamba hotuba za mwanzo kwetu husomewa viti?

Sasa elewa kinachopotea. Irabu ndizo zenye nguvu: a, e, i, o, u hupaa na kuzagaa ukumbi mzima. Konsonanti ni nyembamba na fupi, na hizo ndizo zinazozamishwa na mkia wa irabu iliyotangulia. Aliyekaa meza ya nyuma anapata irabu tu, na konsonanti anajitilia mwenyewe kwa kukisia.

Nilimweleza shemeji haya, nikamkabidhi nusu ukurasa wa maandishi makubwa, sentensi moja kila mstari.

“Shemeji,” akaniambia, “mimi ni mwenyekiti wa kamati. Hii ni orodha ya sokoni.”

Akachukua kalamu. Pale nilipoandika “Kamati inawashukuru,” yeye akaweka kwamba kwa niaba ya kamati ya maandalizi, ambayo iliundwa kwa lengo la kufanikisha shughuli hii adhimu, angependa kuchukua fursa hii ya pekee kuwashukuru wote ambao kwa namna moja au nyingine. Sentensi hiyo hadi leo haijafika kwenye kitenzi chake cha mwisho. Hata hivyo haikumdhuru mtu, kwa sababu shukrani hata usipozisikia unapiga makofi.

Balaa lilikuwa basi. Kulikuwa na basi la kuwarudisha wageni Mbagala, na saa ya kuondoka ilikuwa imesogezwa mbele. Mimi niliandika hivi, na kila mstari mtupu ni mahali pa kunyamaza:

Ndugu zangu.

Basi la Mbagala.

Linaondoka saa tisa usiku.

Saa tisa. Karibu na alfajiri.

Yeye akasoma, bila kupumua: “Ningependa pia kuwataarifu kuwa basi la Mbagala halitaondoka saa sita kama ilivyotangazwa hapo awali bali litaondoka saa tisa.”

Sikiliza kwa masikio ya meza ya nyuma. Kukanusha kote kumebebwa na silabi moja tu, “ha”, iliyo mwanzoni mwa neno refu, na mwangwi wa “Mbagala” umeifunika. Kinachosikika ni “litaondoka”. Kisha tazama hizo saa. Sita ina i na a. Tisa nayo ina i na a. Konsonanti zake ni zilezile mbili, zimebadilishana nafasi tu. Katika ukumbi wenye mwangwi hizo ni namba moja. Kwa hiyo watu walisikia kwamba basi litaondoka saa sita, na kwa msisitizo, litaondoka saa sita. Usiku wa manane shangazi zangu wote walikuwa wamejipanga barabarani na mabakuli yao ya pilau, wakimlaani dereva aliyekuwa amelala zake nyumbani kwa amani.

Ndiyo sababu kwenye karatasi yangu hapakuwa na “halitaondoka”. Kwenye mwangwi unasema kitakachotokea, husemi kisichotokea, na ile saa ya zamani huitaji kabisa. Ndiyo sababu pia “saa tisa” ilirudiwa, safari ya pili na maelezo yasiyofanana na saa sita hata kwa irabu. Na lile “Ndugu zangu” halikuwa la adabu tu. Neno la kwanza kwenye maiki huliwa siku zote: fundi bado anatafuta kitufe, watu bado wanageuza viti. Basi ipe maiki neno lisilo na kazi nyingine, ilile.

Kuhusu kunyamaza, shemeji aliogopa kwamba ukumbi utadhani amesahau. Hapana, huhitaji kungoja mwangwi ufe wote. Kama kofi linachukua sekunde 3, nyamaza kama sekunde 1 mwisho wa sentensi. Mkia utakuwa umeshuka vya kutosha usilikanyage neno jipya. Lakini sentensi nayo iwe fupi. Ukisema maneno 30 mfululizo halafu ukanyamaza, unakuwa umengoja tope litulie kwenye maji ambayo hakuna atakayeyanywa. Na msomaji hapunguzi mwendo kwa kuambiwa “soma polepole”. Akiona aya nzima atakimbia tu. Mistari mifupi yenye nafasi katikati ndiyo inayomshika shati.

Wapo wanaodhani dawa ni kupaza. “Fundi, ongeza sauti!” Fundi anaongeza, na mwangwi unaongezeka vilevile, maana unalishwa na spika hizohizo. Uwiano haujabadilika, ila sasa bibi harusi anaumwa kichwa. Kinachosaidia ni maiki kuwa karibu na mdomo, kadiri ya kiganja, na spika ndogo kusogezwa karibu na meza za nyuma, jambo ambalo hakuna kamati inayolilipia kwa sababu halionekani kwenye picha.

Na mwandishi hata awe bingwa, majina ya wachangiaji 40 yakisomwa mfululizo katika ukumbi ule yatatoka kama dua ya lugha isiyojulikana. Yabandikeni mlangoni.

Basi wenyeviti wa kamati, kama mna hotuba ya kuniletea, nileteeni kwanza funguo za ukumbi. Nikishawapa nusu ukurasa, msiujaze. Na saa ya basi mpeni kondakta akaitangaze meza kwa meza, kwa mdomo wake mwenyewe, bila maiki.