Sifa za "Ongea na Wifi Yako"

Nasifu maneno manne: "Ongea na wifi yako." Tiba ya bei rahisi kuliko hii sijaiona. Simu inaita kutoka Rulenge, mume wangu yuko dukani kwetu Nyakanazi, anasikiliza shida yote, anaguna kwa huruma, kisha anayatamka. Anabaki kaka mwema. Mimi, niliyekuwa napembua maharage uani, tayari nimeshakuwa mchoyo.

Nguvu yake niliiona Januari. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare na godoro la bweni havikufutwa. Wifi aliomba 60,000. Nikamwambia pesa iliyopo ni ya mzigo wa duka. Siku ya tatu shemeji akataka 40,000 za bomba la kupulizia dawa, nikakataa. Wiki haikuisha, mama mkwe akashuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, akaupokeza kwa mwanawe, na chakula changu hakukigusa.

Muujiza ulikuwa bado. Mtoto akichezea simu ya baba yake, niliona ujumbe: 60,000 zilikwenda kwa wifi siku ileile niliyokataa, pamoja na ya kutolea. Maneno gani mengine yanaweza kutoa pesa mfukoni, yakamwachia mtoaji shukrani na mwenzake lawama?

Usiku huo nilifungua daftari la duka, tukajumlisha zilizotoka kimyakimya tangu Oktoba. 185,000. Sikumgombeza. Nilimwambia sikatai ndugu zake wasaidiwe; nakataa kuwa mdomo wake. Tukatenga 50,000 kila mwezi kwa upande wake, na kwa wangu wa Biharamulo mjini vilevile, kila mtu ajibu wa kwao. Ugonjwa tungeuzungumza wawili siku hiyohiyo. Wakinipigia mimi, jibu langu moja: "Kaka yako anarudi jioni, mpigie."

Aliafiki haraka mno, nikashtuka. Na kweli, shemeji alipopiga nilimsikia: "Tumekaa na shemeji yako tukaona..." Basi shemeji akanipigia mimi, maana mlango umeonyeshwa ulipo. Ilibidi tulifanyie mazoezi jibu lenyewe, kama watoto wa kwaya: "Mimi sina mwezi huu, nitaangalia ujao." Mimi nisitajwe. Wala duka, maana ukitaja duka utaulizwa duka linaingiza ngapi.

Machi wifi alipiga tena, fungu likiwa limekwisha. Mume wangu alitoka na simu hadi migombani, nikaona mgongo wake tu. Aliporudi shati lilikuwa limelowa jasho. Hata hajakaa, simu yangu ikaita.

"Wifi," sauti ilikuwa ya chini, ya kuogopa, "hebu niambie ukweli. Kaka anaumwa?"