Namba Chini ya Moyo

Ndugu yangu muuza mitumba, hongera kwa video. Gauni limeonekana vizuri, na bei umeiandika kwa njano pale chini kabisa, ambako jina la akaunti na maelezo yako yameikalia kama wageni wasioaga. Namba ya simu umeisukuma kulia. Tarakimu 3 za mwisho zimefunikwa na alama ya moyo na ya komenti. Wateja wabahatishe.

Ulipokuwa unahariri, vitufe havikuwepo, ndiyo maana kila kitu kilikupendeza. Vinakuja ukishapandisha. Meta huwashauri wanaotangaza kwenye Reels waache wazi asilimia 14 juu, 35 chini na 6 kila upande. Kwa fremu ya 1080 kwa 1920, hizo 35 ni pikseli 672. Bei ikae juu ya hapo, hata kifuani mwa gauni; na kulia, penye safu ya vitufe, ongeza nafasi.

Au piga skrinishoti ya Reels yoyote, ififishe, iweke juu ya video yako unapohariri. Utaona moyo unavyotafuna namba kabla wateja hawajaanza kumpigia fundi bomba.