Gauni Linalomkaa Kila Mtu

Shoga yangu anauza magauni ya kanga mtandaoni. Zamani alikuwa akimlipa mwanamitindo. Siku hizi anayo picha moja tu ya binti aliyesimama wima. Gauni jipya hulitandaza sakafuni, hulipiga picha, kisha programu humvisha binti. Binti hajalalamika joto hata siku moja.

Programu hufuta sehemu ya nguo mwilini, halafu huichora upya huku ikichungulia lile gauni la sakafuni. Ila kabla ya kuchora, nyingi huifinya picha mara 8 kila upande. Herufi yenye kimo cha nukta 20 hubaki na mbili na nusu, na hapo ndipo jina la kanga linapokwenda na maji. Gauni la kumpiga kijembe jirani likatoka na maneno yasiyo ya lugha yoyote. Jirani kasalimika.

Maandishi, ukikuza picha, utayagundua. Kipimo hukigundui. Programu haijui sentimita: gauni la kifua sentimita 88 na la 120 yote yanamkaa binti kama alipimwa na fundi. Mgongo, ambao haukupigwa picha, hauonekani kabisa.

Mteja mmoja kalirudisha lake, zipu imegoma katikati. "Mbona kwa yule dada ilipanda?"

Nilimshauri shoga yangu apime palepale sakafuni, kwapa hadi kwapa, azidishe mara mbili, aandike chini ya picha. Akaniambia namba zinaharibu urembo.