Jinsi ya Kuhakikisha Mgeni Hafiki Matema

Shemeji yako anatoka Dar es Salaam. Ameshuka stendi ya Kyela na anataka kuja kwako Matema. Njia ya kwenu haina jina, nyumba haina namba, na bodaboda aliyempakia hajawahi kuvuka Ipinda. Hali ni ya hatari: ukizembea, anaweza kufika kabla wali haujaiva. Fuata hatua hizi.

1. Elekeza kwa alama zisizokaa mahali pamoja. Shule na zahanati ziepuke, maana zipo mwaka mzima. Mwambie akate kona penye vyungu vya Wakisi, pale Lyulilo. Gulio ni la Jumamosi, basi yeye aje Jumanne. Akikwama, amuulizie "Mzee Mwa-fulani". Kwa Wanyakyusa jina la namna hiyo litaitikiwa na nusu ya kijiji, na kila atakayeitika atamkaribisha ndani kwa moyo mweupe.

2. Tuma lokesheni ukiwa kwingine. Simu haijui unapolala. Inajua ilipo yenyewe. Itume ungali Ipinda unanunua nyama. Kama umeshafika nyumbani, jifiche chini ya bati au katikati ya mikakao, uitume papo hapo, duara la bluu likiwa bado pana. Kwa duara hilo simu inakiri kwamba ipo mahali fulani humo ndani, haijui wapi. Mwenye kiherehere cha wageni angetoka uani penye anga wazi, angesubiri duara lisinyae hadi mita chache, kisha angeisogeza pini kwa kidole mpaka mlangoni. Wewe huna kiherehere hicho.

3. Tuma picha ya ramani. Piga picha ya skrini, umtumie. Ataona kitone chekundu, ziwa la bluu na jina Matema, na hatapata chochote cha kubonyeza. Picha haina namba za mahali ndani yake. Atabaki anaikuza kwa vidole viwili mpaka chaji iishe.

4. Chezea tarakimu. Tuseme mahali penyewe ni hapa:

```
-9.4937, 34.0213
```

Namba ya kwanza inaonyesha umbali kutoka Ikweta, na alama ya kutoa inasema ni upande wa kusini. Ifute alama hiyo: shemeji atatupwa mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. Ukibadilisha namba mahali, ya pili ikatangulia, ataangukia kwenye Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Casablanca. Kama hutaki mambo makubwa, punguza tarakimu tu. Nne baada ya nukta humfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi. Mbili humwacha ndani ya kilometa nzima. Kwa Matema kilometa si mchezo. Upande mmoja ataogelea, upande wa pili ataparamia Milima ya Livingstone.

5. Mwachie mto kazi iliyobaki. Kama kwako ni kando ya Lufilyo, huna haja ya kuhangaika. Programu ikiambiwa impeleke mtu kwenye pini, humpeleka mpaka barabara iliyo karibu na pini hiyo, kati ya zile inazozijua. Ikiwa njia yenu ya miguu haijachorwa, barabara iliyo karibu inaweza kuwa ng'ambo. Simu itatangaza kwamba amefika, naye atakuona vizuri kabisa unavyompungia mkono, maji ya masika yakipita katikati yenu. Usithubutu kumtumia pini ya pili, ya daraja au kivuko.

Makosa ya kuepuka. Kama ulipata kibao kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, kianikie nguo. Pia jihadhari na msimbo huu:

```
G24C+GG Matema
```

Ni mahali palepale pa hatua ya 4, kwa kipimo cha mraba wa mita 14 hivi kila upande. Ramani ya Google huuonyesha ukikandamiza kidole juu ya paa lako, hata kama mtaa hauna jina. Ni hatari kwa sababu unasomeka kwenye simu ya tochi, unaandikika kwenye karatasi, na hautumii kabisa sifuri, moja, wala irabu yoyote, hivyo hata mwandiko wa bodaboda hauuharibu sana. Ukilazimika kuutoa, sahau kutaja Matema: zile herufi chache peke yake zinaweza kuwa popote duniani.

Mwisho, ukishatuma chochote, usimpe jirani akifungue kwenye simu yake kabla ya shemeji kuondoka stendi. Jirani akikuambia pini imetua juu ya bati lako, mpango umekufa. Anza kumfukuza jogoo.